Usingizi ukikukuta kwenye kochi, mtoto ananyonya

*Shikamoo nesi. Nina mtoto wa wiki tano, nilijifungua kwa upasuaji. Usiku naogopa kumnyonyeshea kitandani nisije nikamlalia, kwa hiyo huwa natoka naye sebuleni, nakaa kwenye kochi. Juzi nilishtuka saa kumi na nusu alfajiri, mtoto ametelemka, amebanwa kati ya mkono wangu na mkono wa kochi, uso umeelekea kwenye kitambaa. Alilia nilipomnyanyua, akanyonya, yu mzima. Lakini tangu siku hiyo sina amani. Nimejaribu kahawa, nimejaribu kuwasha taa kubwa. Nifanye nini nisisinzie tena?*

Marahaba mdogo wangu. Kama alilia mara ulipomnyanyua, akanyonya vizuri na rangi yake ni ile ya kila siku, tukio hilo peke yake halikuhitaji hospitali. Ungepaswa kukimbia naye usiku uleule kama ungemkuta amelegea, midomo imebadilika rangi, anapumua kwa shida, au kama angekataa ziwa baadaye. Hayo hayakutokea, kwa hiyo tuzungumzie usiku wa leo.

Kahawa na taa viache. Sikukatazi kikombe cha asubuhi, ila usivitegemee kukulinda saa kumi alfajiri. Mtoto wa umri huo hunyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa saa ishirini na nne, maana yake hujalala usingizi kamili tangu ulipojifungua. Halafu kila anapovuta ziwa, mwili wako unamwaga oksitosini na prolaktini, homoni zilezile zinazoshusha na kutengeneza maziwa, na mama wengi huhisi mwili ukilegea na macho yakizama dakika chache tu baada ya mtoto kushika. Ongeza na saa yenyewe: kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri joto la mwili liko chini kabisa na usingizi uko juu kabisa. Hata mlinzi wa getini, ambaye hajajifungua, saa hiyo anasinzia. Mimi mwenyewe nimefundisha somo hili kliniki kwa miaka, na bado nilishtuka alfajiri moja kwenye kiti cha sebuleni na mtoto wangu wa tatu mapajani, sikumbuki hata niliketi saa ngapi. Kwa hiyo panga usiku wako ukijua kwamba utasinzia. Kilichobaki ni kuchagua utakuwa wapi usingizi ukifika.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda likakuudhi kidogo: ulikimbia kitanda kwa hofu ya kumlalia mtoto, ukakimbilia mahali pa hatari zaidi. Watafiti wa Uingereza waliochapisha matokeo yao mwaka 2014 walilinganisha watoto 400 waliofariki ghafla usingizini na watoto wengine zaidi ya 1,300 waliokuwa hai. Kulala na mtu mzima kwenye sofa kulihusiana na hatari iliyozidi takriban mara 18. Kulala na mzazi kitandani, pale ambapo hakukuwa na pombe wala sigara, hakukuonyesha ongezeko la maana. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, ambacho hadi leo kinashauri mtoto alale kwenye kitanda chake ndani ya chumba cha wazazi, kilikiri mwaka 2016 kwamba mama anayehisi anaweza kusinzia akinyonyesha ni afadhali anyonyeshee kitandani kuliko kwenye sofa au kiti cha mikono. Mtu anayekataza kulala na mtoto kitandani anasema hivyo, na ndiyo maana naona neno hilo lina uzito.

Kwa nini kochi? Liangalie la kwako mchana. Kiti chake kimeinamia nyuma kidogo ili mtu mzima akae kwa raha. Pale kiti kinapokutana na egemeo kuna ufa, na pale kinapokutana na mkono wa kochi kuna ufa mwingine. Mito yake ni laini, inabonyea na kukumbatia chochote kinachoangukia. Ukiwa macho, kiwiko chako ndicho kinachomshikilia mtoto asifuate mteremko huo. Ukisinzia, misuli ya mkono inalegea ndani ya dakika chache, kiwiko kinashuka, na mtoto anatelemka polepole kuelekea ufa ulio karibu. Uzito wake mwenyewe unambana humo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa juzi, na hukuhitaji hata kujigeuza. Mama anayesinzia ameketi wima kabisa na hakusogea hata kidogo anaweza kumpoteza mtoto vivyo hivyo.

Tena si lazima uso uzibwe na kitambaa. Kichwa cha mtoto wa wiki tano ni kikubwa kwa mwili wake, shingo ni fupi na haina nguvu, na njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Akikaa amejikunja, kidevu kikagusa kifua, njia hiyo inapindika kama mpira wa bustani uliokunjwa. Mapajani pa mtu aliyesinzia kwenye kochi ndipo mkunjo huo unapopatikana kwa urahisi. Na mtoto anayekosa hewa namna hiyo hapigi kelele. Ukilala ukisema "akilia nitasikia", ujue kwamba huyu hana pumzi ya kulilia. Kengele ya simu nayo ina kasoro hiyohiyo: ukiitega baada ya dakika ishirini, inakuja kukuamsha baada ya jambo kutokea.

Turudi kitandani basi, lakini kwanza nikuulize maswali ambayo ningekuuliza uso kwa uso. Je, wewe au baba yake mnavuta sigara, au ulivuta ukiwa mjamzito? Je, kuna pombe imenywewa usiku huo na yeyote atakayelala hapo? Je, unameza dawa inayoleta usingizi? Wanawake waliopasuliwa wakati mwingine hupewa tramadol kwa maumivu, na dawa nyingi za mafua na mzio zinazouzwa duka la dawa bila cheti zinamfanya mtu alale kama gogo. Je, mtoto alizaliwa kabla ya wiki 37, au na uzito chini ya kilo mbili na nusu? Ukijibu ndiyo kwa swali hata moja, kitanda kilichoandaliwa hakitoshi kwako. Itabidi mtu mwingine aliye macho kweli awe kando yako wakati wote wa kunyonyesha, amchukue mtoto mara amalizapo na kumlaza chali kwenye kitanda chake. Kama jibu lako ni hapana kote, endelea kusoma.

Kitanda kiandae kabla jua halijazama. Saa nane usiku, mtoto analia na maziwa yanachuruzika, hakuna anayekumbuka kutoa mto. Anza na godoro. Magodoro yetu mengi ya sponji, hasa ya bei nafuu yaliyotumika miaka, yamebonyea katikati kama beseni. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa, ilaze pale mtoto atakapokuwa, kisha wewe lala ubavu kando yake. Ikibingirika ikakufuata, mtoto naye atakufuata, na akifika mwilini mwako uso wake utakuwa umegeukia ubavu wako. Godoro likiwa hivyo, ligeuze upande wa pili ujaribu tena. Likishindwa pande zote mbili, tandika godoro lingine, hata jembamba, mradi gumu, chini sakafuni. Kwa kweli mimi napenda godoro la sakafuni kuliko kitanda, maana mtoto akifika ukingoni anguko lake ni la kiganja kimoja tu, akatua kwenye mkeka. Kwako wewe mwenye mshono, kuinuka kutoka chini ni kazi, lakini kwa wiki tano wengi wanaweza: geuka ubavu kwanza, piga magoti, ndipo usimame. Tumbo likikataa, baki kitandani.

Kama ni kitandani, angalia ukuta. Watu husogeza kitanda ukutani mtoto asianguke, na wanaacha nafasi ya vidole vitatu ambayo ndiyo hasa inayoweza kumnasa mtoto. Usizibe nafasi hiyo kwa mto wala blanketi lililokunjwa, maana umeongeza kitu laini pasipotakiwa. Kivute kitanda kiwe mbali na ukuta kabisa, na mtoto awe ndani, si ukingoni.

Mito yote itoke upande wa mtoto, ubaki na mmoja wa kichwa chako, pamoja na ile ya mgongoni na magotini nitakayokueleza. Blanketi zito liende kabatini. Jifunike shuka jepesi kuanzia kiunoni kushuka, na juu vaa blauzi yenye vifungo mbele ili usitamani kujifunika mabega ukifunika na kichwa cha mtoto. Khanga ya kifua ikilegea usiku hujifungua na kutambaa hadi usoni kwa mtoto, kwa hiyo usilale nayo. Nywele ndefu zifunge. Mtoto naye asivalishwe kofia wala soksi tatu kwa joto letu la pwani. Joto likizidi ni hatari nyingine, na ukigusa nyuma ya shingo yake ukakuta jasho, punguza nguo. Chandarua kichomeke chini ya godoro kikiwa kimevutwa sawasawa. Kikining'inia kwa ulegevu kinaweza kumwangukia usoni.

Na baba? Baba alale kwenye lile kochi. Sifanyi mzaha, ni miezi michache tu na mtu mzima kochi halimdhuru. Mtu aliyelala fofofo bila kujua kwamba mtoto ameletwa kitandani ndiye anayeweza kumwekea mkono juu. Mtoto wenu mkubwa, kama yupo, naye asilale hapo, kwa sababu hiyohiyo.

Sasa namna ya kulala yenyewe, ambayo naamini hujafundishwa, kwa maana wengi waliojifungua kwa upasuaji hufundishwa kunyonyesha wameketi tu na kuruhusiwa kwenda nyumbani. Lala ubavu. Weka mto mmoja nyuma ya mgongo uuegemee na mwingine mdogo katikati ya magoti. Hiyo inapunguza mvuto kwenye mshono. Kunja khanga mara nne uiweke juu ya mshono wenyewe, ili miguu ya mtoto isiupige teke. Mlaze mtoto ubavu akikutazama, tumbo lake likielekea lako, pua yake ikiwa usawa wa chuchu, wala si mdomo. Hivyo atainua kidevu kidogo ili ashike, na kidevu kikiinuka njia ya hewa imenyooka. Mkono wako wa chini uupitishe juu ya kichwa chake ukunje kiwiko, asije akapanda kwenye mto wako. Kunja magoti yapande kuelekea miguu yake, asije akashuka chini ya shuka. Ukijitazama kutoka juu umbo lako ni kama mundu, na mtoto yuko ndani ya upinde wake.

Umbo hilo ndilo jibu la hofu yako ya kumlalia. Kiwiko kilichokunjwa juu na magoti yaliyokunjwa chini vinauzuia mwili wako kubingirika mbele, hata ukiwa usingizini. Watafiti waliowapiga picha za video usiku mama wanaonyonyesha wamewaona wakilala namna hii bila kuelekezwa, huku wakiamka mara kwa mara kidogo kidogo pamoja na mtoto. Kwa mtoto anayenyweshwa chupa tu mambo hayaendi hivyo sana. Mama wake huelekea kumweka juu, usawa wa uso wake, karibu na mito. Anayetoa chupa ni heri aketi katikati ya kitanda kilichoandaliwa, amlishe, kisha amrudishe mtoto kitandani kwake.

Jifunze mkao huu mchana, mara mbili au tatu, jua likiwaka na mtu mwingine akiwepo. Mtoto aliyezoea kunyonya umeketi atalalamika mwanzoni. Ukiuanza usiku kwa mara ya kwanza, utakata tamaa na kurudi sebuleni.

Akiachia ziwa na wewe bado uko macho, mrudishe kwenye kitanda chake kidogo kando ya chako, chali. Ukizinduka saa moja baadaye na bado yuko kando yako, mrudishe wakati huo. Usijilaumu, ndilo jambo tulilolipanga. Kosa ambalo naliona mara nyingi ni mama kuzinduka, kumkuta mtoto ametulia, akamwacha hadi asubuhi akiwa amelala kifudifudi au ubavu karibu na kwapa lake.

Mama mkwe pengine atakuambia kunyonyesha umelala kunaingiza maziwa masikioni na kuleta usaha. Nimesikia hilo tangu nikiwa mwanafunzi. Maambukizi ya sikio la kati hupanda kutoka nyuma ya pua na koo, na onyo la madaktari kuhusu ulalo linamhusu mtoto anayewekewa chupa mdomoni akiwa chali. Kunyonya ziwa kwenyewe kunapunguza magonjwa ya masikio. Mjibu kwa upole, kwa kuwa utamhitaji kwa jambo linalofuata.

Jambo hilo ni kwamba onyo la kochi linawahusu na wao. Bibi anayepokea mjukuu saa kumi na moja alfajiri ili upate kulala, akaketi naye kwenye kochi akisubiri chai, amechoka kama wewe. Baba anayemlaza mtoto kifuani akitazama mpira wa usiku ataonekana picha nzuri kabisa hadi asinzie dakika ya sabini. Wao hawana hata homoni za kunyonyesha za kusingizia, lakini ufa wa kochi ni uleule. Sheria ya nyumba iwe moja kwa wote: anayembeba mtoto akikaa kwenye kochi akahisi macho mazito, anasimama na kumlaza kwanza, ndipo yeye apumzike.

Zipo nyakati utalazimika kunyonyesha umeketi, labda mafua yanakusumbua au titi moja linauma. Keti katikati ya kitanda kilekile ulichokiandaa, miguu umeinyoosha. Usinzie hapo na mtoto atateleza kwenye mahali tambarare, si kwenye ufa. Hata hivyo mkao wa kuketi si wa kuzoea usiku, kwa sababu ya ule mkunjo wa kidevu.

Uamuzi wa wapi utanyonyesha ufanye ukiwa umesimama, kabla hujafungua blauzi. Mtoto akishashika ziwa, hakuna mama anayeinuka na kumkatiza ili ahame chumba, na usingizi unajua hilo. Mimi huwapa mama kipimo hiki: ukisimama hapo na mtoto mkononi, jiulize ni titi gani alilonyonya mara ya mwisho. Usipokumbuka mara moja, umechoka kuliko unavyodhani, na kochi limefutwa kwa usiku huo. Lakini kwa mtoto wa wiki tano, ambaye bado yuko katika miezi minne ya kwanza ambapo vifo hivi ni vingi zaidi, mimi ningelifuta kila usiku bila kupima.

Leo jioni, kabla hujaoga, peleka kapu la nguo chafu ukaliweke katikati ya kochi, au zile sufuria usizozitumia. Mtu anayetembea nusu usingizini huenda pale miguu ilipozoea, na wewe kwa wiki tano umeizoesha sebuleni. Akilikuta limejaa, atageuka. Ukishamzoesha mtoto kunyonya umelala, niandikie unieleze mshono unauma wapi, upande upi, maana upande mmoja huwa unauma zaidi na tunaweza kurekebisha mito.